Asilimia 5 ya nani? Juu ya ile barua yetu ya ukosefu wa kazi

Nimesoma mara mbili ile barua ambayo kamati yetu inataka kupeleka kwa wakubwa wa jimbo. Machungu yaliyo ndani ni machungu yangu pia, juu niko na diploma na bado niko nyumbani. Lakini kuna sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza ambayo ikitoka hivyo, mtu yeyote aliyesoma uchumi ataifunga barua na kuiweka pembeni. Inasema hivi: «Wanadanganya dunia ya kwamba shomaji Kongo ni asilimia 5, maana yake asilimia 95 ya Wakongomani wako na kazi.»

Namba yenyewe haikubuniwa na mtu wa kwetu. Benki ya Dunia inaitangaza kila mwaka ikifuata makadirio ya Shirika la Kazi la Kimataifa, na miaka hii imekuwa ikizunguka hapo kwenye 5. Kosa liko kwenye yale maneno «maana yake». Asilimia 5 si ya Wakongomani wote, na kwa hiyo 95 inayobaki si Wakongomani wenye kazi.

Tuchukue avenyu moja ya Mudzipela. Namba ninazibuni mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme inakaa watu 100. Kati yao 46 hawajafika miaka 15, na hao hatuwaulizi habari ya kazi. Wanabaki 54. Kwa wale 54, watu 35 wanafanya kazi ya kuwaletea pesa: mwalimu, motari, mama wa soko, kijana wa kuuza unite. Watu 2 hawana kazi, wametafuta kwa vitendo ndani ya wiki 4 zilizopita, na wakiitwa leo wako tayari kuanza. Ni hao tu ambao hesabu inawaita watu wasio na kazi. Wengine 17 hawafanyi kazi na hawatafuti: wanafunzi, wazee, wagonjwa, wenye kulea watoto, na ndani yao kuna wenye diploma 4 waliochoka kupeleka dosie kwenye mashirika.

Nguvukazi ni wale 35 wenye kazi pamoja na wale 2 wenye kuitafuta, jumla 37. Kiwango cha ukosefu wa kazi ni 2 kugawa kwa 37, karibu asilimia 5.4. Sasa angalia: kwenye avenyu hii yenye asilimia 5 na kitu, watu wenye kazi ni 35 kwa 100, hawafiki hata nusu. Hakuna aliyedanganya. Ni sisi tuliosoma namba ya chini vibaya.

Mtu atauliza: basi kwa nini wasigawe kwa watu wote, tujue moja kwa moja? Turudi avenyu ileile. Tukigawa kwa wote tunapata 2 kwa 100, asilimia 2. Mwaka kesho wakizaliwa watoto 10, itakuwa 2 kwa 110, asilimia 1.8. Yaani ukosefu wa kazi umepungua juu mama wamejifungua! Nchi yenye watoto wengi kama yetu ingeonekana daima nzuri kuliko nchi yenye watoto wachache, hata kama kutafuta kazi ni kugumu sawasawa. Kiwango kinaulizia soko la kazi: kwa wale walio ndani yake, wangapi wamekosa nafasi? Mtoto wa miaka 6 hayuko ndani ya soko hilo.

Zaidi ya hiyo, hiyo namba ya «watu wote» tungeitoa wapi? Sensa ya mwisho Kongo ilikuwa 1984. Na Ituri yenyewe ilikuwa jimbo 2015 tu, mbele yake ilihesabiwa ndani ya Mashariki. Kwa hiyo ile asilimia 5 ni makadirio ya nchi nzima. Kuiandika kama namba ya Bunia ni kosa lingine.

Hapa ndipo ninaona barua yetu imepiga pembeni. Tulikuwa na lawama ya kweli mkononi tukaiacha, tukashika ile ya uongo. Lawama ya kweli iko kwenye masharti ya kuingia katika ile 37.

Sharti la kwanza ni la kazi. Ukifanya saa 1 tu ndani ya wiki ya uchunguzi, kwa malipo au kwa faida, umehesabiwa mwenye kazi. Finalisti aliyeuza unite jumanne asubuhi akapata pesa ya muhogo, huyo ana kazi. Kwetu hakuna malipo ya serikali ya kumshikilia mtu asiye na kazi, kwa hiyo wachache sana wanaweza kukaa bure wakingoja. Kila mtu anashika kitu. Ndiyo maana nchi maskini mara nyingi iko na kiwango kidogo: watu hawana uwezo wa kuwa bila kazi.

Sharti la pili ni la kutafuta. Wale 4 waliochoka hawamo kabisa, si juu wala chini ya mstari. Kesho wakipata moyo na kuanza tena kupeleka dosie, tunahesabu 6 kugawa kwa 41, karibu asilimia 14.6. Hakuna aliyepoteza kazi, na kiwango kimeruka karibu mara tatu. Na kinyume chake: watu wakikata tamaa, kiwango kinashuka na wakubwa wanapiga makofi.

Fikiria sasa mama wa Djugu aliyelima kwa ajili ya chakula cha nyumba yake. Tangu kanuni za 2013 zilizopitishwa Geneva, kilimo cha kula tu hakihesabiwi tena kama ajira, na kama hakuwa akitafuta kazi nyingine, alikuwa nje ya nguvukazi. Vita ikamfukuza, sasa yuko ndani ya kambi hapa Bunia, hana shamba na hatafuti kazi. Bado yuko nje. Amepoteza kila kitu na kiwango hakikutikisika hata kidogo.

Kanuni zilezile za 2013 zilileta vipimo vingine vya kusimama pembeni ya kiwango: wenye kazi wa saa chache wanaotaka kuongezewa, na wale wenye kutaka kazi lakini wameacha kutafuta. Hivyo ndivyo tungeomba.

Kwa hiyo ninapendekeza ile sentensi ifutwe, na pahali pake tuandike: «Asilimia 5 inapima watu wenye kutafuta kazi ndani ya nguvukazi ya nchi nzima. Haionyeshi waliochoka kutafuta, wala wenye kazi ya saa moja, wala wakulima waliokimbia vita. Tunaomba Ituri ifanyiwe uchunguzi wake, na itangazwe pia sehemu ya watu wa miaka 15 na zaidi wenye kazi, pamoja na wale waliokata tamaa.» Kwenye avenyu yetu hiyo sehemu ingekuwa 35 kwa 54.

Siku ya posho kamati inaketi kabla barua haijatiwa sahihi. Kama sentensi itabaki vile ilivyo, mimi sitatia yangu.