Saa 3:40, maji yamefika

Aprili 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia katika mitaa ya Rumonge, Burundi, mwenye ndugu huko alitaka kujua jambo moja: hali ikoje sasa hivi? Mwandishi wa habari za papo kwa papo, anayejibu swali hilo, huandika sentensi mbili, kisha hungoja.

Tuseme anapigiwa simu kwamba barabara ya Bujumbura imekatika. Haandiki “imekatika”. Anauliza: umeiona mwenyewe? Sehemu gani? Saa ngapi? Kisha humtafuta dereva aliyetoka upande ule. Ndipo aandike: “Saa 3:40 asubuhi. Maji yamefunika barabara. Magari madogo yanarudi, asema dereva aliyefika hapo saa 3:20.” Zile dakika 20 hazifichi, maana ziwa halimngoji mwandishi.

Akikosea, hafuti kimyakimya. Aliyesoma kosa huenda keshaahirisha safari. Kwa hiyo: “Saa 4:15. Sahihisho: saa 3:40 tulisema magari madogo yanarudi. Yanapita, polepole.” Taarifa ya awali huibakiza, na alama ya sahihisho juu yake.

Kazi ya kuchosha, na nusu yake haionekani: ni zile habari alizokataa kuandika. Usiku simu inaita tena.