Sifa ya Neno Linalofunga

Wanaotazama skrabo hushangilia neno refu. Mimi hupenda zaidi kumwona mchezaji akiweka neno la alama 14, kisha mpinzani wake aliyekuwa akitabasamu anaanza kupanga upya kete zake kimyakimya.

Tuseme mko mezani hapa Kware, na huyo wa mbele yako anakuzidi msamiati maradufu. Kamusi ya Collins, wanayoifuata wachezaji wa mashindano hapa Kenya, inakubali hata maneno yetu: UGALI, KANGA, MATATU. UGALI limelala kwenye mstari wa nane, na I yake imeishia hatua moja tu kabla ya kisanduku chekundu cha ukingo wa kulia, kile kinachozidisha neno zima mara tatu. Mwenye S amefunguliwa mlango. Atashusha KANGAS ukingoni, S itue kwenye chekundu, na maneno yote mawili yazidishwe: KANGAS alama 36, UGALIS 21, jumla 57. Na hapo ametumia kete sita. Angemaliza zote saba kwa neno refu zaidi, angeongezewa 50.

Wewe huna S. Una C mbili, V na I. Unasimamisha CIVIC kwa kupitia ile I ya UGALI, V ikae juu yake na C chini yake. Kisanduku chekundu bado kiko wazi, lakini mpinzani akitaka kuweka herufi juu ya S, itagusa V, na Collins haina neno la herufi mbili lenye V. Akitaka kushuka chini ya S, itagusa C, ambayo hukubali H peke yake. Ni kama ghorofa za huku kwetu: jirani akishajenga, dirisha lako lipo ila halifunguki.

Kizuizi hiki si kamili. S inaweza kutua peke yake kwa alama 21, na mwenye neno linaloanza na SH atapenya. Kwa hiyo hesabu kwanza: mchezo mzima una S nne na kete tupu mbili. Kama tano kati ya hizo zimeshaonekana, huenda unalipa alama nyingi kumzuia mtu asiye na kitu mkononi.

Wanigeria wameifanya kazi hii kuwa shule, kwa maneno mafupi yanayobana ubao na kuacha herufi nzuri mkononi. Mmoja wao, Wellington Jighere, alitwaa ubingwa wa dunia Perth mwaka 2015.

Ila ukiwa nyuma kwa alama 70 na kete zimekaribia kwisha mfukoni, iache CIVIC mkononi. Mlango ule unauhitaji wewe kuliko yeye.