Majumuisho Yanayoshikika kwa Sikio

Katika mashindano ya mahakama igizo shuleni, sehemu ninayoingoja kwa hamu ni hotuba ya majumuisho. Ushahidi huwa umekuja vipande vipande: mwenye duka kaeleza ya asubuhi, mlinzi kaeleza ya usiku, askari kaeleza upekuzi. Wakili mahiri huvirudisha vipande hivyo katika mfuatano wa saa, kama usiku wenyewe ulivyopita.

Chukua kesi ya kutunga: duka la shule limevunjwa, na mwanafunzi anashtakiwa kwa sababu mlinzi anasema alimwona akikimbia. Wakili mchanga wa utetezi ataanza na shahidi wa kwanza, aende kwa wa pili, kisha wa tatu. Mtazame hakimu wakati huo. Akianza kufunua kurasa nyuma kutafuta nani alisema nini, hasikilizi tena.

Aliyeiva huanzia getini. "Mheshimiwa Hakimu, ni saa 8 usiku. Mlinzi anasikia bati likigonga. Anageuka. Kati yake na duka kuna hatua 40, na taa ya duka imeungua." Kila sentensi imebeba jambo moja. Hataji kielelezo namba mbili. Anasema "lile daftari la zamu", kwa sababu namba huponyoka sikioni upesi.

Sheria huja baada ya hapo. Katika Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Huulizwa shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na kama alimjua kabla. Kwa kuwa masimulizi yametangulia, hakimu anayajibu maswali hayo mwenyewe, na jibu alilolipata mwenyewe halimtoki kirahisi.

Lakini mshtakiwa alikutwa na shilingi 30,000 sandukuni. Jambo hilo lisifichwe, wala lisiachwe mwisho likabaki masikioni. Liwekwe katikati: shangazi yake alieleza kizimbani kwamba alimpa pesa hizo Jumapili ya kutembelewa. Kama shangazi hakuulizwa, wakili hana ruhusa ya kuzitungia pesa hizo asili nyingine. Majumuisho hayaongezi ushahidi.

Hatari kubwa ni hotuba iliyokaririwa nyumbani. Mlinzi akibanwa kwa maswali anaweza kusema zilikuwa hatua 10, na taa ya bweni ilikuwa inawaka. Atakayeendelea kusema 40 ameivunja kesi yake kwa mdomo wake. Ndiyo maana nawaheshimu wanafunzi wanaoacha nafasi tupu kwenye karatasi, wakaijaza shahidi akiwa bado kizimbani.

Mwishoni taja shaka iliyobaki, omba mshtakiwa aachiwe huru, sema "naomba kuwasilisha", kisha ukae.