Kufungua na Kufunga: Maagizo Manne ya Soko la Opsheni

Opsheni ya hisa ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya tarehe ya ukomo kupita. Katika soko la Marekani, ambako soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa mwaka 1973, mkataba mmoja wa kawaida huhusu hisa 100, na ule wa haki ya kununua huitwa Call kwenye skrini za madalali, ilhali ule wa haki ya kuuza huitwa Put. Bei ya mkataba, yaani premiamu, hutajwa kwa kila hisa, hivyo premiamu ya dola 2 humaanisha kwamba mnunuzi wa mkataba mmoja hulipa dola 200.

Kila agizo katika soko hili hubeba habari mbili. Ya kwanza ni kama mtu ananunua au anauza, na ya pili ni kama kitendo hicho kinafungua nafasi mpya katika akaunti yake au kinafunga nafasi aliyokuwa nayo tayari. Anayetaka haki mpya hutumia Buy to Open, yaani hununua ili kufungua, kisha hujitoa kwa Sell to Close, yaani kuuza ili kufunga. Anayetaka kupokea premiamu na kubeba wajibu huanza na Sell to Open, yaani huuza mkataba asioumiliki, na hujivua wajibu huo kwa Buy to Close, yaani kuununua tena. Hasara ya anayeanza kwa kununua haiwezi kuzidi premiamu aliyolipa ilimradi hajaitumia haki yake, ilhali aliyeanza kwa kuuza Call bila kuwa na hisa zenyewe hana kikomo cha hasara, kwa kuwa bei ya hisa inaweza kupanda bila mpaka.

Maneno ya kufungua na kufunga hayabadilishi bei wala hayamhusu mtu wa upande wa pili, ambaye huenda anafungua wakati mwenzake anafunga. Mikataba yote hupitia taasisi ya kulipana iitwayo Options Clearing Corporation, ambayo husimama kati ya pande mbili na kuwa muuzaji kwa kila mnunuzi na mnunuzi kwa kila muuzaji, na ndiyo maana muuzaji anaweza kujitoa bila kumtafuta yule aliyemuuzia mwanzoni. Hata hivyo, sharti la kujitoa ni kwamba mkataba unaofungwa ufanane na uliofunguliwa katika mambo yote: hisa ileile, aina ileile, bei ileile ya utekelezaji na tarehe ileile ya ukomo. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuvunja sharti hili bila kujua.

Mfano wa kubuni waweza kuonyesha jinsi kosa hilo linavyotokea. Mtu ananunua Call moja ya Juni yenye bei ya utekelezaji ya dola 50 wakati hisa iko dola 48, na kwa premiamu ya dola 2 analipa dola 200. Wiki chache baadaye hisa imefika dola 52 na Call ya Juni imefika dola 3.50, hivyo Sell to Close ingemletea dola 350 na faida ya dola 150 kabla ya ada. Anapofungua orodha ya mikataba, anagusa safu ya Julai badala ya Juni, na agizo lake linatekelezwa kwa dola 4.50. Akaunti inapokea dola 450, naye anadhani amepata bei nzuri kuliko alivyotarajia, kumbe ameuza mkataba mwingine kabisa: Call ya Juni bado ni yake, na juu yake sasa ana wajibu wa kutoa hisa 100 kwa dola 50 hadi Julai.

Kosa hilo hupenya kwa urahisi pale mtambo wa dalali unapoamua wenyewe kama agizo linafungua au linafunga. Mtambo unaomtaka mtu achague mwenyewe Sell to Close ungelikataa agizo hilo, kwa kuwa hakuna Call ya Julai katika akaunti, na katika akaunti isiyo na kibali cha kuuza opsheni zisizo na kinga hata Sell to Open ingekataliwa. Call ya Juni haihesabiwi kuwa kinga ya ile ya Julai, kwa sababu inakwisha kabla yake. Kwa hiyo dhamana ya chini inayotakiwa katika mfano huu ni asilimia 20 ya thamani ya hisa 100, yaani dola 1,040, pamoja na premiamu ya dola 450, jumla dola 1,490.

Ikiwa hisa itashuka hadi dola 49 siku ya ukomo wa Juni, Call ya Juni itakufa bila thamani na ile ya Julai itabaki peke yake. Hisa ikipanda hadi dola 60 Julai, kutimiza wajibu kutagharimu dola 1,000, na baada ya kujumlisha dola 450 zilizopokelewa na kutoa dola 200 zilizolipwa mwanzoni, mtu aliyekusudia faida ya dola 150 atakuwa na hasara ya dola 750. Dalili ya kosa huonekana mara moja katika ukurasa wa nafasi, ambapo mistari miwili, mmoja wa +1 na mwingine wa −1, hutokea mahali palipotakiwa kuwa patupu. Tiba yake ni Buy to Close ya Julai kwanza, ndipo Sell to Close ya Juni ifuate, ili wajibu usio na kikomo uondolewe kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa la pili huwapata wauzaji wanaoona Buy to Close kuwa gharama isiyo ya lazima. Mtu aliyeuza Put ya dola 50 kwa premiamu ya dola 1.50 anaweza kuona, alasiri ya siku ya ukomo, kwamba hisa iko dola 50.20 na kwamba kuifunga kungegharimu dola 5 tu, akaamua kuiacha ife yenyewe. Biashara ya kawaida huisha saa kumi jioni kwa saa za New York, lakini mwenye haki ana muda hadi saa kumi na moja na nusu kutoa maelekezo ya kuitumia. Habari mbaya ikitoka katikati ya muda huo na hisa ikashuka hadi dola 47, muuzaji anaweza kujikuta amenunua hisa 100 kwa dola 5,000 huku zikiwa na thamani ya dola 4,700.

Kwa hiyo agizo la kufunga lianzie kwenye ukurasa wa nafasi, kwa kugusa mkataba wenyewe unaotakiwa kufungwa, badala ya kuanzia kwenye orodha ya mikataba yote. Baada ya kutekelezwa, mstari wa mkataba huo lazima utoweke au upungue, na ukiongezeka mstari mpya, nafasi haijafungwa.