Samadi, maharage na sentensi mbili za kuandika kabla ya kupanda

Mwanafunzi wa Marangu akiambiwa aandike nadharia tete ya jaribio la ukuaji wa mimea, mara nyingi huanza na sentensi hii: "Samadi ni nzuri kwa maharage." Mkulima yeyote wa kihamba ataikubali, lakini haipimiki. Nzuri kwa lipi: urefu, idadi ya majani au mavuno? Samadi kiasi gani, na ikilinganishwa na nini? Sentensi ambayo hakuna matokeo yanayoweza kuipinga haijawa nadharia tete.

Tuisuke upya. Mbegu iwe ya aina moja, tuseme Lyamungu 90. Kundi la kwanza lipandwe kwenye viriba vyenye makopo matatu ya udongo na kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyooza. Kundi la pili lipewe makopo manne ya udongo uleule bila samadi, ili ujazo wa viriba ulingane. Kipimo kiwe urefu wa shina kutoka usawa wa udongo hadi kwenye ncha, kwa sentimita, siku ya 21 tangu kupanda. Sasa tunaweza kuandika hivi: "Miche ya maharage iliyopandwa kwenye udongo wenye robo ya samadi itakuwa na wastani wa urefu mkubwa zaidi siku ya 21 kuliko miche iliyopandwa kwenye udongo huohuo usio na samadi."

Siku ya 21 ina sababu yake. Mche wa maharage siku za mwanzo hula akiba iliyomo ndani ya mbegu yenyewe. Ukipima siku ya saba, makundi yote mawili yanaweza kulingana, nawe ukadhani samadi haikufanya kazi wakati mizizi haijaanza kuitegemea.

Nadharia tete sifuri hutokana na sentensi ileile: mimea ileile, kipimo kilekile, siku ileile. Inasema: "Wastani wa urefu wa miche yenye samadi siku ya 21 hautazidi ule wa miche isiyo na samadi." Wengi hukosea hapa kwa kuandika kwamba samadi itafupisha miche. Hilo ni dai jingine, nalo linahitaji ushahidi wake. Sifuri inasema tu kwamba ongezeko tulilolitabiri halipo. Kama nadharia tete ingedai tofauti tu, bila kutaja upande, sifuri yake ingekuwa kwamba wastani wa makundi hayo hautofautiani.

Mazingira ya Marangu yana mitego miwili. Wa kwanza ni udongo. Kihamba kilicho karibu na nyumba kimelishwa samadi ya zizini miaka na miaka, kwa hiyo udongo wake "usio na samadi" tayari unayo. Ukiutumia, tofauti inaweza isionekane. Chota udongo wa shamba la chini, tambarare, na uutaje ndani ya nadharia yako, kwa kuwa jibu litakalopatikana litahusu udongo huo. Wa pili ni kivuli cha migomba. Mche ulionyimwa mwanga hurefuka ukiwa mwembamba na wenye rangi ya kijani iliyopauka. Kundi moja likikaa kivulini, rula itapima kivuli badala ya samadi. Panga viriba vyote mahali pamoja penye mwanga sawa, uvipe maji sawa, na upige kura kuamua kila kiriba kikae nafasi gani na kipate udongo upi.

Kura hiyo ndiyo inayotuwezesha kuijaribu sifuri kwa hesabu nyepesi. Chukua viriba 10, vitano vyenye samadi na vitano visivyo nayo. Kama samadi haina athari yoyote, miche mitano mirefu kuliko yote ingeweza kuangukia popote, na makundi ya miche mitano yanayoweza kuundwa kutoka kwa 10 ni 252. Basi uwezekano wa yote mitano kuwa ya samadi kwa bahati tupu ni 1 kati ya 252, na hapo tuna haki ya kuikataa sifuri. Kwa viriba vinne, viwili kwa viwili, bahati hiyo ni 1 kati ya 6. Hata matokeo yakiwa mazuri kiasi gani, jaribio hilo haliwezi kumshawishi mtu.

Mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher, aliyeitumia dhana hii katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, alisisitiza kwamba sifuri haithibitishwi kamwe. Inaweza kukanushwa tu. Kwa hiyo makundi yakikaribiana, usiandike kwamba samadi haifai. Andika kwamba jaribio halikuonyesha ongezeko la urefu kwa udongo huo, kiasi hicho cha samadi na siku hiyo. Nadharia zote mbili ziandikwe daftarini, pamoja na tarehe, kabla mbegu ya kwanza haijaingia udongoni. Zikiandikwa baada ya kupima, jaribio halijajaribu kitu.