Aya Inayojitegemea: Uhakiki wa Matini za Haki za Wakimbizi wa Dzaleka Zinaposomwa na Roboti ya Maswali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini zinazoeleza haki za wakimbizi nchini Malawi kwa kuuliza swali moja: je, aya iliyokatwa kutoka katika waraka wake bado inasema kweli? Swali hili limeletwa na roboti za maswali, ambazo hazisomi waraka mzima bali vipande vyake. Makala yanadai kwamba mshikamano wa matini, ambao katika Kiswahili huhesabiwa kuwa sifa ya mwandishi mzuri, hugeuka kuwa chanzo cha majibu ya upotofu pale aya inapotengwa na jirani zake. Mifano imetolewa katika tamko la Malawi la 1987 kuhusu Mkataba wa Wakimbizi, amri za kurejea Dzaleka za 2021 na 2023, na sarufi ya Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Kambi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha wakazi hao, ilhali sheria na mikataba inayowahusu imeandikwa kwa Kiingereza. Mkazi anayetaka kujua kama anaweza kulala Lilongwe usiku mmoja bila kukamatwa hutegemea mtu wa kumsomea.

Nchini Malawi kazi hiyo ya kusomea watu imeanza kukabidhiwa mashine. Ulangizi, roboti iliyoanzishwa na shirika la Opportunity International, huwajibu wakulima kupitia WhatsApp kwa Kichewa na Kiingereza, ikitegemea mwongozo wa Wizara ya Kilimo. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuundwa pia kwa maswali ya wakimbizi. Kabla ya hapo, inafaa kuzihakiki nyaraka zitakazolishwa ndani yake, kwa kuwa roboti haiwezi kujibu vizuri kuliko aya inayoipata.

2.0 Namna Roboti Inavyosoma

Roboti inayojibu kwa kurejelea nyaraka hufanya kazi kwa hatua nne. Kwanza, kila waraka hukatwa vipande, mara nyingi vya maneno 200 hadi 400. Pili, kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba inayowakilisha maana yake. Tatu, swali la mtumiaji nalo hugeuzwa vivyo hivyo, na vipande vichache vilivyo karibu nalo kimaana, pengine vitano, huchaguliwa. Nne, modeli ya lugha hupewa vipande hivyo pamoja na swali ili itunge jibu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba modeli haioni kilichoachwa. Ikiwa sharti muhimu limo katika kipande cha sita, kwa modeli hiyo sharti hilo halipo. Mara nyingi haitasita wala kuomba ukurasa uliotangulia, bali itajibu kwa lugha fasaha kutokana na vitano ilivyopewa. Msomaji binadamu akikutana na maneno “kama ilivyoelezwa hapo juu” hurudi juu. Roboti haina juu wala chini.

3.0 Aya Iliyobeba Namba Tupu

Malawi ilijiunga na Mkataba wa 1951 Kuhusu Hadhi ya Wakimbizi tarehe 10 Desemba 1987. Ilipojiunga ilitoa tamko la kutofungwa na baadhi ya vifungu. Sehemu moja ya tamko hilo inataja vifungu vya 7, 13, 15, 19, 22 na 24, kisha inaeleza kwamba serikali inavichukulia kuwa mapendekezo tu, si wajibu wa kisheria. Kwa mwanasheria mwenye Mkataba mkononi, aya hiyo ni fupi na kamili. Kwa roboti, ni karibu sawa na ukurasa mtupu, kwa sababu haitaji hata moja kati ya mambo inayoyahusu: mali, vyama, kazi za kitaaluma, elimu, wala ulinzi wa kazi.

Tuseme mzazi wa Dzaleka anauliza, “Je, mtoto wangu ana haki ya shule ya msingi sawa na Mmalawi?” Kipande kilicho karibu zaidi na swali ni Kifungu cha 22 cha Mkataba, kinachotaka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Kipande chenye tamko la Malawi hakina neno “shule,” “mtoto” wala “elimu.” Kina namba 22 tu, na mzazi hakuuliza kuhusu namba. Roboti itajibu kwamba Mkataba unailazimisha Malawi, na itakuwa imekosea bila kubuni neno lolote.

Hatari huwa kubwa zaidi katika Kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea na kuchagua makazi. Katika tamko lake, Malawi ilijiwekea haki ya kuteua mahali pa wakimbizi kuishi na kuzuia mienendo yao pale usalama wa taifa au utulivu wa umma unapohitaji hivyo. Mtu aliyejibiwa kwa Kifungu cha 26 peke yake anaweza kupanda basi kwenda Lilongwe akiamini kwamba analindwa.

Dawa ya kasoro hii ni kuandika aya moja inayobeba kanuni pamoja na sharti lake, chini ya kichwa kinachotumia maneno ya muulizaji. Mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya ni huu:

“Je, mkimbizi nchini Malawi ana haki ya kuishi Lilongwe? Kifungu cha 26 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinahusu uhuru wa mkimbizi wa kutembea na kuchagua makazi. Hata hivyo, Malawi ilipojiunga na Mkataba huo tarehe 10 Desemba 1987 ilijiwekea haki ya kuteua mahali pa wakimbizi kuishi na kuzuia mienendo yao kwa sababu za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Kwa hiyo Kifungu cha 26 peke yake hakimpi mkimbizi nchini Malawi haki kamili ya kuishi Lilongwe.”

Aya hii ni ndefu kuliko tamko la asili, na mwanasheria ataiona inarudia mambo. Lakini ikichotwa nzima, hata bila jirani zake, haitamdanganya mtu.

4.0 Amri Mbili za Mwezi Aprili

Kasoro ya pili inahusu wakati. Mwaka 2021 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka ifikapo tarehe 28 Aprili 2021, na Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji kwa muda. Tarehe 27 Machi 2023 ilitolewa amri nyingine ya kurejea, safari hii kabla ya tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi Mei mwaka huo msako na ukamataji ulianza Lilongwe.

Kwa upande wa maana, amri hizi mbili zinakaribia kuwa pacha: mahali ni palepale, watu ni walewale, mwezi ni uleule. Roboti ikiulizwa, “Je, amri ya kurudi Dzaleka imesimamishwa?” inaweza kuchota habari ya zuio la 2021 na kuitumia kujibu swali la 2023. Taarifa inayosema “Mahakama imesimamisha amri hiyo” ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Bila mwaka ndani ya aya yenyewe, imekuwa mtego. Tarehe iliyoandikwa kwenye jalada haitoshi, kwa kuwa jalada hubaki nyuma waraka unapokatwa. Kila aya yenye amri inapaswa kutaja tarehe ya kutolewa, aliyeitoa, na hali yake kufikia tarehe fulani. Aya iliyopitwa na wakati nayo ianze kwa kusema kwamba inaeleza historia, au iondolewe kabisa katika hazina ya roboti.

5.0 Kiambishi Kisicho na Mwenyewe

Kasoro ya tatu ni ya Kiswahili chenyewe. Halliday na Hasan (1976) walionyesha kwamba urejeleo ni mojawapo ya nguzo za mshikamano wa matini. Kiswahili kina utajiri wa pekee hapa, kwa sababu kiambishi cha ngeli ndani ya kitenzi huweza kuchukua nafasi ya nomino. Mwandishi akishataja jina mara moja, upatanisho humwezesha kuendelea kwa sentensi nyingi bila kulirudia.

Fikiria aya ya pili ya maelezo yaliyotungwa hivi: “Kitatolewa ofisini baada ya siku chache. Kikipotea, atoe taarifa mapema. Asipokuwa nacho anaweza kuzuiliwa.” Sarufi yake haina dosari. Aliyesoma aya ya kwanza anajua ni kitu gani. Lakini ki- inaweza kuwakilisha kibali cha kutoka kambini, kitambulisho cha mkimbizi au cheti cha kuzaliwa, na nyaraka zote tatu zimo katika maisha ya mkazi wa Dzaleka. Naye a- anaweza kuwa mkimbizi, mwomba hifadhi au mzazi. Modeli iliyopewa aya hiyo katika jibu la swali la kitambulisho itasoma ki- kuwa kitambulisho, na hakuna upatanisho utakaoikataza.

Haifuati kwamba kila kiambishi kiondolewe na nomino irudishwe katika kila sentensi. Matini ya namna hiyo ingemchosha msomaji binadamu. Inatosha nomino kamili irejeshwe katika sentensi ya kwanza ya kila aya: “Kibali cha kutoka kambini Dzaleka hutolewa...” Baada ya hapo upatanisho uendelee kama kawaida hadi aya iishe. Mpaka wa urejeleo uwe mpaka wa aya.

6.0 Mipaka ya Njia Hii

Aya inayojitegemea ina gharama zake. Kanuni ikirudiwa katika aya kumi, ikibadilika ni lazima aya kumi zirekebishwe. Iliyosahauliwa itaendelea kujibu kwa sheria ya jana. Kwa hiyo kila aya ipewe namba yake, na iwepo orodha inayoonyesha kanuni ipi imo katika aya zipi. Aidha, utangulizi uleule ukibandikwa kwenye kila aya, vipande vyote vitafanana kimaana na roboti itashindwa kuvitofautisha. Neno linalotofautisha aya na nyingine lije mwanzoni. Vilevile, aya inayounganisha kanuni na sharti ni tafsiri ya sheria, si sheria yenyewe. Inahitaji kupitiwa na mwanasheria, na matini ya asili ihifadhiwe.

Upimaji nao uanze kwenye vipande kabla ya majibu. Yakusanywe maswali halisi ya wakazi, kwa Kiswahili chao, kisha itazamwe kama aya sahihi imo miongoni mwa zilizochotwa. Ikikosekana, kosa limo katika uandishi au utafutaji. Ikiwemo na jibu bado ni potofu, kosa ni la modeli. Asiyetenganisha mambo haya mawili atabadilisha modeli mara tatu, huku tatizo likibaki katika aya yenye namba 22.

7.0 Hitimisho

Tamko la 1987 liliandikwa kwa ajili ya wasomaji wenye Mkataba mezani, na kwao limekamilika. Muulizaji wa Dzaleka hana meza hiyo. Ana simu, swali moja, na nauli ya kwenda Lilongwe. Anayemwandikia ahakiki kila aya kana kwamba ndiyo pekee itakayomfikia, kwa kuwa mara nyingi itakuwa hivyo.