Anayeandikia masikio

Mwanzilishi wa kiwanda anapozindua mafuta ya alizeti mahali kama Iguguno, wilayani Mkalama, hotuba yake huja ikiwa nzuri kwa macho tu. Tuseme imeandikwa: “Mafuta haya, yaliyokamuliwa kutokana na alizeti iliyonunuliwa kwa wakulima wa kata hii na kuchujwa mara mbili, yanapatikana kwa ujazo wa lita 1, 5 na 20.”

Mhariri wa hotuba hasomi kimya. Anaisoma kwa sauti, na pumzi inapomwishia ndipo anapokata. Tatizo analiona haraka: kitenzi kikuu kimechelewa, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutafuta kama kilichochujwa ni mafuta au alizeti. Basi anapanga upya:

“Alizeti ni ya hapa Iguguno. Tumeinunua kwenu. Tumeikamua. Mafuta tumeyachuja mara mbili. Ipo chupa ya lita moja. Lipo dumu la lita tano. Lipo la lita ishirini.”

Neno “mafuta” limerudiwa makusudi. Tarakimu zimegeuzwa maneno ili ulimi usisite. Salamu za itifaki, ambazo hula dakika nzima, anazifupisha kwa “itifaki imezingatiwa”. Mgeni rasmi, hata hivyo, lazima atajwe kwa cheo.